Bukavu: Kabla ya kupaka ukuta simenti tena, tokeni inje mvua ikinyesha mtazame gutiere

Kila mwaka, kiangazi kinapoisha na mvua ya mwezi wa tisa kurudi juu ya vilima vyetu, ugomvi uleule unaanza katika nyumba nyingi za Bukavu. Mpangaji anamwita mwenye nyumba na kumuonyesha ukuta uliolowa. Mwenye nyumba anatazama, anatikisa kichwa, anasema ni mambo ya rangi mbaya, ao watoto ndio wanamwaga maji. Kiisha fundi anaitwa. Anakwangua, anachanganya mfuko wa simenti, anapaka, anachukua feza zake na kwenda. Mvua kubwa ya pili inanyesha, na lile doa linarudi palepale, kama vile mtu amelichora upya usiku.

Maoni yangu ni haya: katika nyumba nyingi za namna hiyo, mgonjwa si ukuta. Mgonjwa yuko juu, pembeni ya mabati, ndani ya ule mfereji tunaouita gutiere, ao ndani ya tiyo inayoshusha maji kutoka kwenye gutiere mpaka chini. Kupaka simenti bila kutazama huko juu ni kumfunga bendeji mtu ambaye bado anakatwa.

Nitaeleza kwa mfano wa nyumba moja ya Kadutu ambayo niliingia mwenyewe. Iko kwenye mteremko, kama karibu nyumba zote za huko. Kuta zake ni za matofali ya udongo mabichi, zimepakwa simenti kwa inje. Nyuma ya ukuta uliokuwa unalowa kuna chumba ambamo watoto watatu wanalala, na kitanda chao kimegusa ukuta huo kwa sababu chumba ni kidogo. Kwa muda wa miaka miwili ukuta ule ulipakwa mara tatu. Mara ya tatu mama mwenye kukaa humo alilipa yeye mwenyewe, kwa sababu mwenye nyumba alisema amechoka. Aliponiita aliniambia: "Papa, mimi sina shida na doa. Shida yangu ni kwamba sasa nikigonga ukuta, unanijibu sauti ya debe tupu."

Hiyo sauti ndiyo ilinifanya niandike makala hii. Tofali bichi likiwa kavu linabeba nyumba miaka na miaka. Likinywa maji, linarudi kuwa udongo tu. Simenti ya inje inabaki imesimama kama ganda la yai, na mtu anafikiri ukuta bado uko, kumbe ndani unayeyuka. Sisi wote tunajua nyumba zilizoanguka usiku wa mvua.

Mvua ndiyo fundi wa kwanza

Kosa la kwanza tunalofanya ni kuita fundi siku ya jua. Siku ya jua gutiere zote ni nzuri. Kama unataka kujua maji yanatoka wapi, vaa koti la mvua, shika mwavuli, na usimame inje mvua inapokuwa kali. Usipande ngazi wakati huo, na usishike bati wala gutiere, kwa sababu nyumba zetu nyingi zinapokea waya za umeme palepale pembeni ya paa, na radi nayo haina rafiki. Macho yanatosha.

Kuna maulizo matatu tu ya kujijibu, na majibu yake yanagawanya karibu matatizo yote.

La kwanza: maji yanatoka kwa mvua ndogo pia, ao kwa mvua kubwa tu? Kama yanadondoka hata kwa manyunyu, na yanaendelea kudondoka tone kwa tone wakati mvua imekwisha katika, hiyo si kufurika. Hilo ni tundu ao kiungo kilichoachana. Vipande vya gutiere vinaungana kila baada ya mita chache, na hapo ndipo kutu inaanzia. Kufurika kwenyewe mara nyingi kunatokea kwa mvua kali, na kunakoma mara mvua inapopungua, isipokuwa tundu ao tiyo imezibwa kabisa.

La pili: maji yanatokea sehemu gani? Yakimwagika mbali na tiyo, katikati ya gutiere, fikiria kwanza kwamba gutiere imelegea na kushuka tumbo mahali hapo. Yakimwagika karibu na tundu la tiyo, fikiria tundu ao tiyo yenyewe. Kama doa la ukuta linafuata tiyo kutoka juu mpaka chini kama mstari, basi maji yanatoka kwenye viungo vya tiyo. Na kama ukuta umelowa tu kwa chini, labda kimo cha goti, huku juu yake pakavu, basi gutiere haina kosa hapo: ni maji yanayoruka kutoka chini ao kutuama kwenye msingi.

La tatu, na hili watu wanalisahau: yanaanza kumwagika dakika gani? Mara tu mvua inapokaza, ao baada ya muda? Shika saa, ao simu. Nitaonyesha mbele kwa nini ulizo hili ndilo lilifungua fumbo la nyumba ya Kadutu.

Ni maji mengi kuliko tunavyofikiri

Watu wanafunga tiyo ndogo kwa sababu hawajui bati linakusanya maji kiasi gani. Hesabu yake ni rahisi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 60 kwa saa, ambayo kwetu ni mvua kali lakini si ya kushangaza, inaleta lita moja kwa kila mita ya mraba kila dakika.

Nyumba ile ya Kadutu ina upande mmoja wa paa wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, maana yake mita 50 za mraba. Kwa mvua ile, gutiere inapokea lita 50 kila dakika. Mvua ikikaza mara mbili, hata kwa robo saa tu, ni lita 100 kila dakika. Hizo ni bidoni tano za lita 20, kila dakika, zote zikitafuta kupita katika tundu moja.

Kuna kipimo ambacho mafundi waliosoma kwa utaratibu wa Kifaransa wanakitumia: kila mita moja ya mraba ya paa inahitaji sentimita moja ya mraba ya uwazi ndani ya tiyo. Kwa paa la mita 50 za mraba, tiyo inahitaji uwazi wa sentimita 50 za mraba. Sasa tutazame matiyo tunayoyanunua. Ile ya 50, ambayo wengi wanafunga kwa sababu ni ya bei ndogo, haifiki hata sentimita 20 za mraba. Ile ya 75 iko karibu na 40. Ile ya 110 inapita 80. Kwa hiyo tiyo ya 50 kwenye paa kama lile inashindwa mapema sana, hata ikiwa safi kabisa. Utaona maji yanapanda kwenye gutiere mara mvua inapokaza, na kumwagika pale pale juu ya tundu. Hakuna usafi utakaoponya hilo. Dawa ni tiyo ya 110, ao matiyo mawili ya 75, moja kwenye kila mwisho wa gutiere, kila moja ikibeba nusu ya maji.

Kama nyumba yako ina umbo la kona, mahali ambapo mapaa mawili yanakutana, ujue kwamba maji ya sehemu kubwa ya mapaa yote mawili yanashukia kwenye pembe moja. Gutiere inaweza kuwa ya kutosha kwa urefu wake wote lakini ikafurika kwenye pembe hiyo tu. Hapo ndipo tiyo inapaswa kuwa, si mita sita mbali kwa sababu huko inaonekana vizuri.

Vitu vya kuchunguza siku ya jua

Mvua ikishakuonyesha mahali, sasa siku ya jua ina kazi. Panda na mtu wa kushika ngazi.

Anza na uchafu. Majani ya avoka na ya eukalipti hayakai peke yake. Yanashika vumbi la barabara, vumbi linakuwa udongo, na baada ya misimu miwili kuna nyasi zinazoota juu ya nyumba yako. Ondoa kwa mkono ao kwa kipande cha ubao, na usisukumie uchafu ndani ya tundu, maana utahamisha ugonjwa kutoka mahali unapoonekana kwenda mahali usipoonekana. Kama fundi aliweka wavu wa bapa juu ya tundu, utazame vizuri. Wavu wa namna hiyo unazibwa na majani matano tu. Wavu uliopinda kama kofia ni bora zaidi, kwa sababu majani yanalala pembeni na maji yanapita juu yake.

Kiisha gonga tiyo kwa fimbo kutoka juu kwenda chini. Tiyo tupu inalia. Tiyo iliyojaa udongo inanyamaza. Mara nyingi inanyamaza mahali panapopinda, ao kwenye mguu pale inapoingia ardhini. Nimeona humo mpira wa watoto uliotengenezwa kwa mifuko, na siku moja ndara nzima.

Kiisha fanya jaribio la bidoni. Jaza bidoni mbili za lita 20. Mimina moja kwenye ncha ya gutiere iliyo mbali na tiyo, polepole, na utazame maji yanavyotembea. Yanapaswa kutembea yote mpaka kwenye tundu. Kama yanabaki yamelala kama kiziwa kidogo, gutiere imeshuka tumbo mahali pale. Mteremko mzuri ni nusu sentimita kwa kila mita. Kwa gutiere ya mita 10, mwisho mmoja uwe chini ya mwingine kwa sentimita tano. Wenye nyumba wengi wanaukataa mteremko huo kwa sababu "unaonekana umepinda". Kama hutaki uonekane, weka matiyo mawili kwenye ncha zote mbili, na kila nusu itateremka sentimita mbili na nusu tu.

Bidoni ya pili mimina karibu na tundu, yote katika sekunde 12. Hiyo ni sawa na lita 100 kwa dakika, yaani ile mvua kali mara mbili. Kama maji yanapita na kutoka kwa nguvu kule chini, njia iko wazi. Kama yanapanda na kumwagika, njia ni ndogo ao imezibwa.

Kisha tazama mabati yenyewe. Ncha ya bati inapaswa kuingia juu ya gutiere kiasi cha theluthi moja ya upana wake. Bati likiwa fupi, maji yanageuka chini ya ncha yake, yanatembea kwenye ubao wa pembeni na kuteremka ukutani; hapo utaona ubao umekuwa mweusi na kuoza. Bati likiwa refu mno, mvua kubwa inaruka juu ya gutiere kabisa, na gutiere inabaki karibu tupu huku kila kitu kinalowa. Mtu anayeona hivyo kutoka chini anasema gutiere imefurika, anaibadilisha kwa feza nyingi, na hali inabaki ileile.

Na jambo la mwisho la huko juu, ambalo kwangu ni la maana kuliko yote: tazama midomo miwili ya gutiere, ule wa mbele na ule wa upande wa ukuta. Mdomo wa mbele unapaswa kuwa chini kidogo kuliko ule wa nyuma, hata sentimita moja. Hakuna gutiere isiyofurika hata siku moja. Mvua ya mawe ikija, barafu inaziba tundu kwa dakika chache, na hapo vipimo vyote vinakwisha. Kama mdomo wa mbele ndio wa chini, maji yatamwagika inje, mbali na ukuta, na utapata tu matope kwenye uwanja. Kama mdomo wa nyuma ndio wa chini, kila kufurika kunaingia ukutani. Gutiere nyingi za kwetu zimefungwa vizuri siku ya kwanza, lakini chuma zinazozishika zinapinda kwa uzito wa udongo, na gutiere inageukia ukuta polepole bila mtu kuona.

Ndiyo sababu sipendi mtindo huu mpya wa nyumba ambazo ukuta wa inje umepanda juu na kuficha mabati, na gutiere imejificha nyuma yake. Nyumba inaonekana kama imefunikwa slabu, ni kweli inapendeza. Lakini gutiere ile ikifurika haina mdomo wa mbele. Maji yana njia moja tu, ndani ya nyumba. Kama tayari unayo nyumba ya namna hiyo, mwambie fundi atoboe tundu la usalama kwenye ukuta ule wa juu, chini kidogo ya kimo ambacho maji yangeingia ndani, na aweke kipande cha tiyo kinachotokeza inje. Siku utakapoona kipande hicho kinatema maji, ujue kwamba njia ya kawaida imezibwa. Kitakuwa mlinzi wako.

Fumbo la Kadutu

Sasa turudi kwa mama yetu. Nilipochunguza, kila kitu nilichotaja hapo juu kilikuwa sawa. Tiyo ilikuwa ya 110. Gutiere ilikuwa imefagiliwa. Bidoni zilipita vizuri, hakuna hata tone lililoruka. Fundi mmoja muzee aliyekuwa pamoja nami alisema: "Mwanangu, hapa mimi sioni kosa. Tungoje mvua."

Tulingoja siku tatu. Mvua ilipokuja tulisimama chini ya paa la jirani na kutazama. Dakika ya kwanza, hakuna kitu. Dakika ya kumi, hakuna kitu, na mvua ilikuwa kali. Mama alianza kuona haya, kama mgonjwa ambaye homa inashuka mbele ya daktari. Kisha, karibu na dakika ya ishirini, tuliona maji yanatoka kwenye kiungo cha tiyo kilicho karibu na chini. Baada ya kidogo yakatoka kwenye kiungo cha juu yake, na kujipiga moja kwa moja ukutani. Dakika chache tena, gutiere yenyewe ikajaa na kumwagika.

Muzee alicheka. "Tiyo haishushi maji tena," alisema. "Sasa inapandisha."

Alikuwa na haki. Tiyo ile haikumwaga maji kwenye uwanja. Iliingia katika siterne ya matofali na simenti iliyojengwa kando ya nyumba. Sisi wote tunajua kwa nini: bomba linaweza kukaa siku nyingi bila hata tone, na maji ya mvua ndiyo yanapika chakula. Siterne inabeba lita 2.000. Siku ile ilikuwa imejaa nusu. Lita 1.000 zilizobaki, kwa lita 50 kila dakika, zinajaa kwa dakika 20. Saa ilikuwa imetuambia jibu kabla hatujafungua kitu chochote.

Siterne ikijaa, maji yanapaswa kutoka kwa tiyo ndogo ya juu, ile ya ziada. Tuliitafuta. Ilikuwako, ya 40, lakini ndani yake mlikuwa na kitambaa kilichosukumwa kwa nguvu. Mpangaji wa zamani alikiweka humo ili mbu na panya wasiingie. Kusudi lake lilikuwa zuri. Mfuniko wa siterne ulikuwa umebandikwa kwa simenti ili watoto wasianguke ndani, na tiyo kubwa nayo ilikuwa imezungushiwa simenti pale inapoingia. Kwa hiyo siterne ilikuwa kama chupa iliyofungwa. Ilipojaa, maji hayakuwa na njia nyingine ila kupanda ndani ya tiyo, na viungo vya tiyo, ambavyo fundi alivichomeka tu bila kuvitia gundi, vikafunguka kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu. Hilo ndilo jaribio letu la bidoni halikuweza kuonyesha, kwa sababu siku ile siterne ilikuwa na nafasi.

Dawa haikuwa ya bei kubwa. Kitambaa kilitolewa, na tiyo ya ziada ikabadilishwa kuwa ya 110, sawa na ile inayoingiza, kwa maana maji yanayoingia yanapaswa kuweza kutoka kwa wingi uleule. Kwa mbu, wavu ulifungwa kwa waya kwenye mdomo wake, mahali ambapo mama anaweza kuufikia na kuuosha kila juma. Kisha tiyo inayoshuka ilikatwa juu kidogo ya siterne. Sasa haijabandikwa tena. Inamwaga ndani ya beseni lenye tundu na wavu, na kati ya mwisho wa tiyo na beseni kuna nafasi ya upana wa kiganja. Kama siku moja siterne itajaa na njia ya ziada kuziba tena, maji yatamwagika hapo chini, mama atayaona, na hayatapanda hata kidogo ukutani. Viungo vya tiyo vilitiwa gundi. Na tiyo ya ziada haikuelekezwa kwa jirani wa chini, ilipelekwa mpaka kwenye mfereji wa barabara.

Ukuta wenyewe

Mama aliuliza kama fundi anaweza kupaka kesho yake. Muzee alikataa, na mimi namuunga mkono. Ukuta uliokunywa maji misimu miwili haukauki kwa siku mbili. Ukifunika unyevu kwa simenti mpya, unaufungia ndani, na udongo unaendelea kulainika. Alikwangua simenti yote iliyolia sauti tupu, akaacha tofali wazi chini ya kivuli cha paa, na kusema tungoje kiangazi. Matofali mawili yaliyokuwa yamegeuka tope yalitolewa na kubadilishwa moja moja.

Kitanda cha watoto kilihamishwa siku ileile. Hili naliomba kwa kila mzazi anayesoma: kama ukuta wa udongo umelowa na unaona umevimba kuelekea inje, ao kuna ufa mpya kwa chini, ao mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwama, usingoje fundi ili kuhamisha kitanda. Nyumba zinaanguka usiku, na hata saa nyingi baada ya mvua kukatika.

Nani alipe?

Hapa ndipo wengi watanikasirikia. Mwenye nyumba anasema mpangaji ndiye anayeishi humo, asafishe. Mpangaji anasema nyumba si yake. Mimi naona kazi inagawanyika bila ugumu wowote. Kutoa majani, kuosha wavu, kutoa taarifa mapema: hiyo ni kazi ya anayekaa humo, na haimgharimu kitu isipokuwa asubuhi moja kabla ya mwezi wa tisa na nyingine katikati ya msimu. Tiyo ndogo mno, chuma zilizopinda, bati fupi, siterne iliyofungwa kama chupa: hayo ni makosa ya ujenzi, na mwenye nyumba ndiye alipe. Mwenye nyumba anayemlipisha mpangaji simenti ya ukuta huku gutiere yake ni mbovu anamlipisha deni lake mwenyewe. Mama wa Kadutu alilipa namna hiyo, na hajarudishiwa.

Na wewe unayekaa juu kwenye mteremko, kumbuka kwamba tiyo yako inaishia mahali fulani. Mara nyingi mahali hapo ni ukuta wa mtu wa chini yako. Nimeona gutiere nzuri kabisa, zenye mteremko wa kweli na tiyo ya kutosha, ambazo kazi yake ilikuwa kukusanya maji ya paa lote na kuyarusha juu ya msingi wa jirani. Mtu huyo hajatengeneza nyumba yake. Amehamisha doa lake tu kwenye chumba cha watoto wa mwingine. Salongo ya kartie ikifika, kabla ya kufagia barabara, mngetembea pamoja wa juu na wa chini, mkafuata kila tiyo mpaka mwisho wake, na kukubaliana maji yapite wapi.

Mvua iliyofuata niliporudi Kadutu, siterne ilijaa, na beseni halikumwagika; maji ya ziada yalikwenda barabarani yakipiga kelele. Ukuta bado ulikuwa uchi, mbaya kutazama. Lakini nilipougonga kwa kidole, haukulia debe.